Kivimbe cha Mama Gaston

Dada yangu Emérence alikuwa na tabia ya kunusa. Ukimpa sukari, anainusa. Jirani akimletea mboga, anazinusa, kisha anamtazama jirani mwenyewe kama anayetaka kumnusa pia. Nasema hivi kwa mapenzi, maana ni mkubwa wangu na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, lakini kuishi naye kulitaka moyo mgumu. Pale mtaani kwetu Cimpunda walimwita Mama Gaston, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kupika mandazi katika soko la Kadutu, na kwa mandazi hakuwa na mwenzake. Hata maadui zake walikiri hilo, na kwa hesabu yake maadui walikuwa nusu ya mji wa Bukavu.

Mtu mmoja tu hakunuswa, naye ni Colombe. Walikuwa na meza moja tangu nchi ilipoanza kuitwa Zaire. Emérence alikanda unga, Colombe alikaanga. Colombe alikuwa mjane, mwingi wa kicheko, na alikuwa na ruhusa ya kumtania dada yangu kwa maneno ambayo mimi nikiyasema ningepigwa mwiko. Emérence alipougua baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, Colombe ndiye aliyempikia uji mwezi mzima, na dada yangu aliunywa wote bila kuuliza umetoka wapi. Nilidhani ndani ya ukuta wa tuhuma zake amemwachia mtu mmoja mlango.

Sasa, kwetu mtu mwenye mikono michafu hakunyimi salamu. Anakunja ngumi, anakunyooshea kifundo cha mkono, nawe unakishika hapo hapo. Dada yangu alishinda asubuhi nzima vidole vyake vikiwa ndani ya unga, kwa hiyo soko zima lilimsalimu kwa kifundo. Wa kwanza kila siku alikuwa Colombe.

Mwaka wa themanini na nne, mvua zikiwa zimekolea, Emérence aliona uvimbe nyuma ya kifundo cha mkono wa kulia. Ulikuwa wa duara, laini, mkubwa kuliko punje ya haragwe. Haukuwa mwekundu, haukuwa na moto, na haukuuma hata ukiubonyeza. Jioni baada ya kazi ulinenepa. Jumapili, akiwa amepumzika, ulinywea.

“Kitu yenye haiume iko inajificha,” aliniambia tukitoka misa. “Angalia, Marie-Louise. Siku ya Mungu inashuka, siku ya kazi inapanda. Iko na mutu mwenye anaiamuru.”

“Yaya, labda ni kazi ya kukanda tu,” nilisema; kwetu dada mkubwa unamwita yaya.

“Nimekanda miaka ngapi? Ju ya nini ije leo?”

Alinivuta mpaka kwa mzee mmoja wa pembe, fundi wa kunyonya watu uchawi na sumu, aliyekaa bondeni chini ya mtaa wetu. Mzee hakuangalia mkono sana. Alimwangalia mwenye mkono, akaona hofu yake, na hapo nikajua mteja ameshapatikana.

“Pale njo batu banakusalimiaka?” aliuliza, akikinyooshea kifundo kidole.

“Ndiyo, muzee.”

“Nani anakushikaka wa kwanza, kila siku?”

Dada yangu aliufunika mkono kwa kitenge. Mzee alitoa wembe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, wenye kutu kando kando, akasema atachanja, aweke pembe, atoe kile kilichopandwa. Nilimshika dada yangu mkono wa kushoto nikamtoa nje kwa nguvu. Njiani alilia. Hakulia kwa sababu ya wembe. “Colombe,” alikuwa anasema peke yake, “Colombe wangu.” Mimi nilimwogopea Colombe kuliko nilivyouogopea mkono, maana sokoni kwetu mtu akishasemwa kwamba anatia watu sumu, hakuna atakayemeza kilichopita mikononi mwake. Mpishi wa namna hiyo amekufa akiwa hai.

Nikamwambia kabla ya kumsema mtu, twende kwa daktari. Alikubali, kwa kuwa alitaka shahidi.

Dokta Mushagalusa alikuwa kijana mtulivu. Aliuliza umeanza lini, unakua na kupungua, vidole vinakufa ganzi, ulianguka? Alimkunjisha mkono na kumkunjua. Kisha akafunga dirisha, akawasha tochi ndogo na kuibana kwenye ubavu wa kile kivimbe. Kivimbe chote kiliwaka chekundu kama taa ya kanisani. Emérence alipiga ishara ya msalaba.

“Usiogope, maman. Mwangaza inapita, maana ndani iko maji, maji ya kunata. Kama ingekuwa nyama, mwangaza ingekwama. Kila kiungo iko na mafuta yake. Hapa kifuko kidogo imetoka kwenye kiungo, na yale mafuta yanaingia mule. Haiko kansa, haiko usaha.”

“Na nani aliiweka?”

“Hakuna mutu. Inatokea tu, sana sana kwa banamuke. Wengi inaisha yenyewe, hata kama inakawia. Haikuume, vidole vinatumika. Mimi ningeiacha.”

Kuiacha! Hapo nilimwona dada yangu akianza kumnusa daktari. Daktari anayekataa kutibu, nani amemwambia asitibu? Alimuuliza kama ana ndugu Kadutu. Maskini Dokta akajibu kwamba yeye ni mtu wa kijijini, Luhwindja, asielewe anaulizwa nini.

“Itoe,” Emérence alisema. “Leo.”

“Naweza kuivuta na sindano. Lakini nakuambia mbele: mara nyingi inarudia, karibu nusu ya batu, hata zaidi. Sindano inatoa maji, kifuko inabakia. Unasikia, maman?”

“Nasikia.”

Hakusikia. Dokta alisafisha mahali pale, akatia ganzi, akachoma sindano nene, kwa kuwa ile nyembamba isingevuta kitu kizito kama kile. Polepole ndani ya bomba la sindano kukapanda ute mweupe wa kupenyeza nuru, mzito kuliko ute wa yai. Mkono ukawa tambarare. Alifunga bandeji ya kubana, akamwambia asikande kwa siku chache na arudi haraka akiona wekundu au homa.

Dada yangu alikuwa bado analitazama lile bomba. “Umeiona?” aliniambia. “Sumu ya Colombe njo ile.”

Nilikasirika. Alikuwa amesikia maneno ya Dokta kwa masikio mawili na kuyatupa kwa mdomo mmoja. Kesho yake alifika sokoni na bandeji yake. Colombe aliinuka mbio, akanyoosha mkono amshike.

“Pole, Mama Gaston! Bamekufanya nini?”

Emérence aliuficha mkono nyuma ya mgongo, mbele ya watu wote.

“Usiniguse tena. Yenye uliweka, bameitoa.”

Colombe alicheka kwanza, akidhani ni utani wao. Kisha akaona sura za wauza mboga. Nilisema, nilipaza sauti, nilieleza habari ya kifuko na mafuta ya kiungo. Nani husikiliza kifuko wakati kuna sumu? Wiki hiyo Colombe alijaribu kupika peke yake, na mandazi yake yalipoa kwenye sinia. Wateja wake wa miaka mingi walipita wakiangalia juu, kama wanaotafuta mvua. Mwishowe alibeba karai lake akahamia Bagira, upande mwingine wa mji, kwa kaka yake. Hakunitukana hata mimi. Alinishika tu bega akasema, “Chunga mukono ya yaya yako.” Na dada yangu alipoambiwa maneno hayo, akayachukua kama kitisho.

Miezi ikapita. Emérence sasa alikanda na kukaanga peke yake, na salamu za kifundo alikuwa amezikataa kwa kila mtu. Hakuguswa na yeyote. Kisha asubuhi moja aliniita chumbani, akafunga mlango, akanionyesha mkono. Kivimbe kilikuwa kimerudi palepale, laini vilevile, kimya vilevile.

“Colombe iko Bagira,” nilisema. “Amekugusa na kamba ya kutoka kule?”

Alikaa kitandani. Nilimwona akitafuta mtu mwingine wa kumbebesha, akipita uso kwa uso, mume, wakwe, majirani, mpaka kwangu, na Mungu ananijua, pale kwangu alisimama kidogo. Ile iliniuma kuliko vyote. Lakini hata yeye alichoka.

Tulirudi kwa Dokta Mushagalusa. Hakusema, “Nilikuambia.” Alisema anaweza kuvuta tena, au kumpeleka kwa wapasuaji wakitoe kifuko na mzizi wake, ila hiyo inaacha kovu, mkono unaweza kukaza kwa muda, na hata baada ya kisu kinaweza kurudi. Au kukiacha, na kurudi tu kikianza kuuma, kukua haraka au kuzuia kazi.

“Tuiache,” dada yangu alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea.

Nilimwambia twende Bagira siku ileile. Alisema bado. Alitaka kuona kwanza kama kweli kitaondoka chenyewe. Hata toba yake ilihitaji uthibitisho! Mwaka mzima ukapita na ushee. Kivimbe kilipungua bila mtu kukigusa, mpaka siku moja akapapasa na kukuta ngozi tupu. Hapo ndipo alipovaa kitenge chake cha sikukuu tukapanda basi.

Colombe alikuwa amekonda. Alitukaribisha ndani, akafuta viti. Emérence hakukaa. Alimwonyesha mkono, akamweleza yote, sindano, kurudi, kuondoka, kisha akasema nilichodhani sitamsikia akisema maishani: “Nilikosa. Nilikuharibu bure. Unisamehe.” Alilia wazi, nami nikalia. Machozi yakamtoka Colombe naye pia, akamwambia akae.

Alituletea kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu ndani. Hayo ni ya wageni na watu wa mbali. Kati ya hawa wawili desturi hiyo ilikuwa imekufa miaka mingi. Colombe alijaza kikombe akampa dada yangu moja kwa moja, kama zamani, huku machozi bado yako mashavuni.

Emérence alikipokea. Akakiangalia. Na neno likamtoka kabla hajajua kwamba linatoka:

“Onja mbele.”

Niliona uso wake ukibadilika aliposikia sauti yake mwenyewe. Alitaka kukipeleka mdomoni haraka, lakini Colombe alikuwa ameshakichukua mkononi mwake. Akanywa funda moja, taratibu, bila kumwondolea macho. Akajifuta mdomo, akamrudishia.

“Kunywa, Mama Gaston,” alisema. “Kisha muende, basi ya mwisho haichelewe.”