Picha Ishirini na Nne za Kaka

Bi Makini alikuwa mkaguzi wa maktaba ya filamu kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na wivu ulikuwa unamla mzima mzima. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu fundi mpya kaja, mwenyeji kaugua! Bi Makini alimwita Mjuaji, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana.

Kilichomkata maini ni filamu moja. Marehemu kaka yake aliigiza humo, na nakala pekee iliyobaki ilikuwa mkanda wa video uliochakaa. Bosi akampa Mjuaji kazi ya kuzirudisha picha za asili. Filamu ya kaka yake, apewe mtu wa juzi!

Kazi yenyewe Bi Makini aliijua kuliko jina lake. Filamu ina picha ishirini na nne kwa sekunde, video thelathini, na kila picha ya video hufumwa kwa nusu mbili za mistari inayopishana. Kwa hiyo picha nne zilitandazwa zikawa tano kwa kurudia baadhi ya nusu. Fundi anatafuta mpangilio wa marudio, anazitupa zilizozidi, anaoanisha zilizobaki.

Mjuaji aliupata mpangilio mwanzoni mwa mkanda, akaiachia kompyuta iendelee nao mpaka mwisho. Ole wake! Mkanda huo ulikuwa umekatwakatwa baada ya kugeuzwa video, na penye mkato hesabu ya marudio huhama. Jumatatu Bi Makini alipokagua, sehemu ya kwanza ilikuwa safi. Baada ya mkato, kaka yake anaruka ukuta na mikono imechanika meno meno kama kitana, picha mbili zimefumwa pamoja.

"Dada, kuna kasoro yoyote?" Mjuaji aliuliza mlangoni.

"Kasoro itoke wapi, na umefanya wewe?"

Akasaini kwamba kazi ni safi. Acha aumbuke mbele ya bosi, alijiambia, kisha kazi italetwa kwangu niirudie.

Alhamisi wakaitazama wote watatu. Kaka aliruka na meno yake ya kitana. Bosi akaguna. Bi Makini alijikaza asicheke.

"Nipeni mimi," akasema. "Naanza upya na nakala ghafi, ile iliyonakiliwa moja kwa moja toka kwenye mkanda, mkato kwa mkato."

Mjuaji alikuwa amepauka. "Ghafi haipo, dada. Ukisaini tu, mashine inaifuta. Tulikubaliana kwenye kile kikao."

Kikao kile Bi Makini alikisusa, kwa kuwa Mjuaji ndiye aliyekiongoza.

"Basi mkanda."

"Ulibanduka utando wake wa picha ukitoka kwenye mashine. Ilikuwa mara yake ya mwisho kuchezwa. Na nusu zilizotupwa kimakosa hazirudi."

Bosi akamgeukia Mjuaji kwa hasira, "Ulitazama nini wewe?" Kijana wa watu akainama, akaanza kuomba radhi, akimwomba na Bi Makini msamaha kwa ajili ya kaka yake. Hilo ndilo lililomshinda.

"Mwache," alisema. "Niliyaona meno tangu Jumatatu."