Bodi Sita za Chumba cha Mama

Jina la Fundi Jicho alijipachika mwenyewe, kisha akaanza kulalamika kwamba watu wanamsifu kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kufunga dari. Alikuwa na ngazi mbili imara, mkono mwepesi, na kanuni moja aliyoigawa bure kwa kila aliyesimama karibu naye: dari ni sakafu iliyohamia juu. Ukishapima sakafu umemaliza, na fundi anayepanda ngazi na futi kamba anatafuta upepo tu.

Tumpe haki yake: kanuni hiyo ilimlisha. Nyumba zote alizofunga zilikuwa na dari bapa, ukuta hadi ukuta, na katika nyumba za namna hiyo hata kipofu angepatia. Kwa hiyo hakuwahi kukosea, na asiyewahi kukosea huanza kudhani hawezi. Bodi za akiba hakununua. Akiba, alisema, ni ya waoga.

Ndipo mdogo wake wa kike, fundi cherehani, akajenga. Alijenga kwa kujinyima, na alipofika sebuleni akasema mara moja maishani na yeye atataka makuu. Dari ya sebule ianzie juu ya kuta mbili, ipande na paa kutoka huku na huku, kisha katikati ilale bapa. Chumba cha pili, chenye dari bapa ya kawaida, kilikuwa cha mama yao.

Mama alikuwa amelazwa kwa ajili ya kifua, na amelazwa hadi manesi wanamwita mwenyeji. Daktari alikubali kumruhusu Jumamosi kwa sharti moja: asilale chini ya bati tupu lenye joto na vumbi. Chumba kisipofungwa dari, habaki nyumbani. Sharti lilikuwa wazi kiasi hicho.

Fundi Jicho akaja Jumatatu na futi kamba, akainama. Sebule, mita sita kwa saba na sentimita ishirini. Chumba cha mama, mita tatu na sitini kwa nne na themanini. Bodi moja ina urefu wa mita mbili na arobaini na upana wa mita moja na ishirini. Akafumba jicho moja, kama ilivyo desturi ya watu wenye jina la kulinda.

"Sebule kumi na tano, chumba cha mama sita. Ishirini na moja, basi."

Mdogo wake alitazama juu. "Kaka, na hapo panapopanda?"

"Panapopanda pana nini?"

"Mimi nikishona sketi ya marinda sipimi kiuno peke yake. Kitambaa kinachopanda na kushuka kinakula zaidi."

"Mdogo wangu," alisema kwa upole wa mtu anayemhurumia mjinga, "kila mtu na fani yake. Paa likilala au likisimama, chumba ni kile kile."

Hata dukani alionyesha msimamo. Muuzaji alimshauri achukue chache za ziada, kwa kuwa mzigo mwingine ungechelewa. Fundi Jicho akacheka hadi wateja wengine wakageuka. Akabeba ishirini na moja.

Alianza na sebule, kwa sababu chumba cha mgonjwa hakina watazamaji. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alimshikia bodi huku yeye akikaza skrubu. Sehemu bapa ya katikati ilikula bodi sita, safi kabisa. Upande wa kwanza wa mteremko ukala saba na nusu. Hakuna hata moja iliyovunjika, jambo alilomtajia kila aliyepita mlangoni, pamoja na muuza maziwa.

Shemeji, ambaye si mtu wa maneno, akaangalia rundo lililobaki ukutani.

"Shemeji, hapa zimebaki saba na nusu. Tukitoa sita za mama, inabaki moja na nusu. Itafunika upande wote ule?"

Fundi Jicho alishuka, akahesabu, akahesabu tena. Dukani wamepunja, alisema. Shemeji akamkumbusha kwamba walihesabu pamoja wakati wa kupakua. Basi kiwandani wamepunguza ukubwa. Akapima bodi moja: mita mbili na arobaini kwa moja na ishirini, bila hata aibu. Kila kitu kilikuwa sawasawa isipokuwa mtu mmoja, na huyo hakuja akilini mwake.

Hapo angeweza kusimama. Bodi za mama zilikuwepo, zimeegemea ukuta zikimsubiri mwenyewe. Lakini sebule yenye mteremko mmoja uchi ingemfanya nini Fundi Jicho mbele ya mtaa? "Tumalize hapa," alisema. "Za mama nitazifuata kesho." Jioni sebule ilikuwa imefungwa yote, nzuri kweli, na ukutani hapakuwa na bodi hata moja.

Kesho yake duka lilikuwa tupu. Waliobaki nazo walikuwa wajenzi wa shule, nao walikuwa wameshazipandisha. Mzigo mwingine, muuzaji alisema bila kuinua macho, ni mwezi ujao. Maduka mengine yalimpa jibu hilo hilo. Alirudi kwa miguu akitunga maelezo, na kila alilotunga lilimtia hatiani zaidi ya lililotangulia.

Mdogo wake hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alichukua utepe wake wa kushonea, akapanda ngazi, akaupitisha kwenye mteremko mara mbili kutoka juu ya ukuta hadi dari ilipolala. Mita tatu. Kisha akashuka akapima sakafu chini ya mteremko ule ule. Mita moja na themanini.

"Na upande wa pili hivyo hivyo," alisema. "Sebule ilitaka ishirini na moja peke yake, kaka. Umemfunika nani kwa bodi za mama?"

Aliona haya, haya ya kweli ya kutafuta pa kuweka mikono.

"Fungua upande mmoja," mdogo wake alisema.

"Wageni watakuja kumwona mama. Watauona."

"Wauone."

Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akazishusha bodi sita nzima alizozisifu mwenyewe. Chumba cha mama kilifungwa Ijumaa, bodi zikaenea bila kubaki wala kupungua, na matundu ya skrubu akayaziba kwa mkono wake. Sebuleni, chini ya bati lililo wazi, kikabaki kipande cha nusu ya mita na ushei kikining'inia kama jino la mwisho la bibi.

Mama aliletwa Jumamosi, mwepesi kuliko walivyomzoea. Jirani aliyekuja kumpa pole alinyanyua shingo sebuleni, akauliza kama ile ndiyo staili ya kisasa. Fundi Jicho akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maneno yaliyotoka yalikuwa machache: "Hapana. Nilipima sakafu."

Kisha akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama alikuwa amelala chali, akipumua vizuri, macho juu.

"Wewe ndiye uliyefunga hii?"

"Ndiyo, mama."

"Ina viraka."

"Zilitoka sebuleni, mama. Nilianza na sebule."

Mama alivuta pumzi yake bila kukohoa.

"Mwanangu, wenye afya hawaangalii dari," alisema. "Wanapita chini yake. Anayeiangalia tangu asubuhi mpaka usiku ni mgonjwa. Umefunga dari maisha yako yote, hukuwahi kumfikiria aliyelala?"

Fundi Jicho alimshika mkono. Aliinua uso akaitazama dari ile pamoja naye, kiraka kwa kiraka.