Koma ya Mzee wa Hesabu

Asubuhi ile ya kugawa matokeo niliamka kwangu Gihundwe na hofu. Si kwamba nilikuwa nimekosea kitu, ninavyojua. Nilikuwa namwogopa baba mmoja wa Nyakabuye, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Mwanzoni mwa muhula alisimama mlangoni mwa darasa langu akaniambia kwamba binti yake asipoingia kumi bora atarudi kulima, kama dada yake.

Dada yake nilimfundisha mimi mwaka uliotangulia. Alikuwa wa ishirini na tisa, baba akamtoa. Nilisikitika, lakini moyoni nilisema mtoto hakujikaza. Nilisema hivyo, sitaficha.

Kazi ya matokeo shuleni kwetu ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua mashine, yaani kompyuta. Walimu walinitumia alama kwa simu, nami nikanakili na kubandika kwenye jedwali: majina, masomo matano, kisha jumla, wastani, nafasi na daraja. Hizo nne za mwisho mashine inajaza yenyewe. Nafasi inatoka kwenye jumla, daraja linatoka kwenye wastani. Mimi napenda kitu kizuri machoni, basi mwishoni naweka namba zote katikati ya vyumba vyake, vile visanduku vya jedwali, nachapa, mkurugenzi wa shule anapiga mhuri.

Saa mbili nilibandika orodha ukutani. Binti yule alikuwa wa thelathini na moja kati ya thelathini na wanane.

Nilimwita pembeni nikamgombeza, nikamwambia amezembea na amejichimbia shimo mwenyewe. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hesabu nilipata themanini na saba na nusu." Nikamjibu kwamba somo moja halibebi mengine. Eh, mdomo wangu huu.

Baba alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa ameketi kwenye benchi la uani, kofia magotini, na wazazi wangeitwa saa nne. Nikaichukua karatasi ya binti yake nijiandae kumtetea, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kilipaswa kunichoma macho jana yake. Nafasi ya thelathini na moja, daraja B. Aliyemtangulia kwenye orodha, wa thelathini, alikuwa na C. Inawezekanaje mwenye B awe nyuma ya mwenye C?

Nilijumlisha kwa vidole. Alama nne bila ya hesabu zilifika mia tatu na kumi na mbili, na ndiyo jumla iliyoandikwa. Hesabu haikuhesabiwa. Wastani nao ulitokana na kugawa kwa nne, ndiyo maana daraja lilibaki zuri.

Mzee wetu anayefundisha hesabu amesoma Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kama mimi. Nusu anaiandika kwa koma, kama wafanyavyo huko: 87,5. Mashine yetu inataka nukta. Ikiona koma inadhani ni neno, na neno halijumlishwi. Wenye alama kamili walipita salama. Wenye nusu, watoto tisa, walinyang'anywa somo zima. Na mimi, mtoto wa Bukavu, niliiona koma ile nikaona jambo la kawaida kabisa.

Nilibadilisha koma zote kuwa nukta. Jumla yake ikaruka hadi mia tatu tisini na tisa na nusu. Nafasi: ya pili.

Nilikimbia kwa mkurugenzi, nikakiri, nikachapa upya, nikang'oa orodha ya ukutani mbele ya watu wote. Aibu niliyoisikia siwezi kuipima. Kisha nikaenda kwenye benchi na karatasi mpya, nikamweleza baba yote, koma na nukta, nikamwomba msamaha mara mbili. Nilitegemea atanitukana, na ningemshukuru.

Aliisoma karatasi polepole. Akaikunja. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa anatabasamu.

"Maman mwalimu," baba akasema, "na ile karatasi ya mukubwa wake, ya mwaka jana, njo mashine hii hii iliifanya?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, ya dada mtu nayo ilitoka kwenye mashine hiyo hiyo. Aliendelea kunitazama tu, na tabasamu la binti likaisha.

Nilirudi ofisini nikafungua jedwali la mwaka jana. Alama zote zilikuwa katikati, nzuri, zimepangika. Nikaondoa ule mpangilio wangu wa kati, kwani mashine ikiachwa yenyewe, namba halisi hukaa kulia na maneno, kama ile 87,5 yenye koma, hukaa kushoto. Karibu safu yote ya hesabu ikasogea kulia. Nikashuka na kidole mpaka kwenye jina la dada yake.

Alama yake ilikuwa kushoto.