Amana Niliyoiandika Kwenye Mkataba wa Tanuri

Mama mwenye duka la mikate mtaani Namuwongo alikuja kwenye ofisi yetu ya tafsiri akiwa na mkataba wa kununua tanuri kutoka Italia na tafsiri yangu ya Kiswahili, ukurasa wa mwisho ukiwa na mhuri na sahihi yangu. Alikuwa amepata tanuri jingine karibu zaidi. Alitaka nimwandikie muuzaji wa Italia barua ya kujitoa, nitumie neno rescissione, kwa sababu mpwa wake alimwambia ndilo la kuvunja mkataba.

Nilianza na hilo kwa kuwa lilikuwa rahisi. Nilimweleza kwamba kwa Waitalia rescissione ni mahakama kutengua mkataba ambao mtu aliuingia akiwa hatarini au kwenye dhiki, akapunjwa vibaya. Anayejitoa mwenyewe hutumia neno recesso. Akasema sawa, andika hilo, ili arudishiwe amana yake. Nikaanza kuandika.

Amana. Nilifungua ukurasa wa tatu ingawa nilijua kilichomo. Kiitalia kilisema caparra confirmatoria. Mimi nilikuwa nimetafsiri kutoka nakala ya Kiingereza, nikakuta dipoziti, na kutoka dipoziti nikaandika amana. Amana ni mali ya mtu unayomtunzia, akiitaka unampa. Caparra si hivyo. Mnunuzi akikosa kutimiza mkataba, muuzaji anaweza kujitoa na kubaki nayo. Muuzaji akikosa, mnunuzi anaweza kujitoa na kudai mara mbili yake.

Nilifikiria kumaliza barua na kunyamaza. Nikafikiria bosi, ambaye alikuwa ameniajiri kwa majaribio. Nikafikiria kusema nina homa. Mama alikuwa ananitazama, mkoba wake ukiwa magotini, na mlango ulikuwa nyuma yake.

"Mama, nilikosea," nikasema. "Ukituma barua hii, ile hela inabaki kwa muuzaji. Haikuwa amana."

"Ilikuwa nini?"

Nikaeleza, vibaya, nikirudia maneno. Alinikatiza katikati.

"Hiyo ni arbuni. Babu yangu alinunua ng'ombe kwa arbuni. Ukirudi nyuma wewe, imeliwa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Umesoma chuo kikuu, mwanangu, ukashindwa kuniuliza?"

Aliniambia tayari ameshakubaliana kwa mdomo na mwenye lile tanuri la karibu. Sasa hakuweza kuliacha la Italia bila kupoteza arbuni, na bila hela hiyo asingeweza kulinunua lile jingine.

Alichana barua niliyokuwa nimeianza. Akasukuma tafsiri mbele yangu, akaweka kidole juu ya neno langu.

"Rekebisha hapa. Halafu ingia kwa bosi wako, umwambie mwenyewe. Mimi ninangoja. Lile tanuri la Italia nitalichukua, maana mmenifunga nalo."

Nilifuta amana, nikaandika arbuni, na pembeni nikaongeza sheria ya kurudisha mara mbili, endapo muuzaji ndiye atakayekosa. Kisha nikagonga mlango wa bosi.