Mstari wa Bibi Katika Wimbo wa Kisamli

Mama alichukua miaka kumi na mitano kufikiri kama kweli anataka mtoto mwingine baada ya kuniona mimi. Ndivyo ninavyowaambia watu, na Mama hajawahi kukanusha. Mdogo wangu alipozaliwa alikuwa wa manjano, anang'aa, mikunjo ya mafuta mpaka kwenye vifundo vya mikono. Bibi alimpakata, akamgeuzageuza kama anayenunua papai, akasema, "Huyu samli tupu." Basi akawa Kisamli. Jina lake la kweli liko kwenye pasipoti, linamngoja akue.

Mimi nilikuwa Kungumanga. Nilizaliwa mdogo, mweusi, mgumu, na Bibi anasema nikizidi kidogo tu chunguni watu hupata kizunguzungu.

Kwetu jina la namna hii si la kumwitia mtoto mezani. Ni la wimbo. Bibi ana wimbo mmoja wa kuongolea watoto wapate usingizi, aliupata kwa mama yake Unguja, na kila mstari wake unaishia kwa jina la mtoto. Kiti ni kimoja tu pale mwishoni. Akija mtoto mpya, aliyekikalia anainuka. Hakuna sherehe, hakuna anayekuaga. Siku chache baada ya Kisamli kuletwa nyumbani nilisikia wimbo wangu ukipenya ukutani, una jina la mtu mwingine.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Umepangisha chumba changu!"

"Hakijapata kuwa chako," akajibu bila kusimamisha mkono. "Weye ulikuwa mpangaji, na kodi hukulipa."

Nilicheka sana. Halafu nikaingia bafuni nikafungulia maji, nikakaa humo mpaka Mama akagonga kuuliza kama naoga au nafua.

Wimbo wenyewe ni huu, na msitegemee makubwa:

*Lala polepole, Kisamli,*
*polepole lala, Kisamli.*
*Baba kenda jangwani, Kisamli,*
*atarudi na tende, Kisamli.*
*Mama kenda kazini, Kisamli,*
*atarudi jioni, Kisamli.*
*Bibi yupo ubavuni, Kisamli,*
*Bibi yupo, yupo, Kisamli.*

Ukifika mwisho unaanza tena. Ndiyo yote. Baba yangu kweli yuko jangwani, kwenye visima vya mafuta, anakuja na kuondoka kwa zamu. Mama kweli yuko kazini, benki, Ruwi, hapa Maskati. Na Bibi alikuwa kweli ubavuni, mpaka kiangazi kilichopita dada yake alipoanguka Unguja akavunjika nyonga, na Bibi akafunga sanduku lake akaenda kumuuguza.

Nikabaki mimi na Kisamli katika fleti yetu ya Ansab. Shule zimefungwa. Wenzangu wote wamekwenda kusini, Salalah, na wazazi wao kutafuta mvua, wananitumia picha za ukungu kana kwamba mimi sijawahi kuona kitu cheupe. Mimi sikwenda popote, kwa sababu hesabu ilinishinda na nilikuwa na mtihani wa marudio. Nje jua linauma, hakuna mtu barabarani, ndani ni mlio wa kiyoyozi tu. Kuna siku nilimsalimia kijana wa kuleta maji kwa furaha mpaka akarudi nyuma hatua moja.

Asubuhi Kisamli alikuwa rafiki mwema. Tatizo lilikuwa mchana, baada ya kula, saa yake ya kulala. Halali. Analia mpaka sauti inakatika, halafu anaendelea kulia bila sauti, uso mwekundu, mdomo wazi. Nilimwekea ujumbe wa sauti wa Bibi kwenye simu. Alinyamaza, akaichukua simu, akaigeuza, akatazama chini yake. Hakumwona. Kilichofuata walikisikia mpaka majirani wa ghorofa ya tatu.

Kila jioni Mama alirudi akamkuta kavimba macho, na mimi nimevimba zaidi.

"Khalas, basi," akasema Jumanne, hata viatu hajavua. "Ijumaa shangazi yako anakuja kumchukua. Atakaa naye Qurayyat mpaka Bibi arudi. Tutamwona kila mwisho wa wiki."

"Na mimi?"

"Wewe mkubwa. Una mtihani."

Nikataka kusema mzaha. Nina akiba ya mizaha kwa kila jambo, lakini ule mfuko niliutia mkono nikakuta mtupu. Nilichokiona ni fleti hii kuanzia asubuhi mpaka Mama arudi, mimi na kiyoyozi, na kitabu cha hesabu.

Nikampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona sauti kama ya mbuzi alokosa maji?"

Nikamweleza. Akauliza kama nimemwimbia. Nikasema nimemwimbia mpaka koo limeota kutu. "Basi imba nikusikie," akasema. Nikaimba. Niliimba kama ninavyoimba siku zote: mbio kidogo, na ule mstari wa Baba nikautia chumvi, *Baba kenda kuoga, Kisamli, sabuni imepotea, Kisamli*, kwa sababu Kisamli huwa anauchekea.

Bibi akanikatisha.

"Anacheka?" akauliza.

"Anacheka sana!"

"Mtu anayecheka kalala?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Nnakwambia, mtoto halali kwenye habari mpya. Analala kwenye anachokijua. Kila siku unamletea kichekesho kipya, na yeye anangoja cha kesho. Weye unamkesheza, hujamwongoa." Halafu akaanza kunifundisha, kwa ukali kama ananifundisha kukuna nazi. Mstari wa kwanza juu, wa pili uteremke, kama mtu na ngazi. Maneno ya mbele yasemwe tu, jina ndilo liimbwe. Kungumanga lilikuwa na vituo vinne, lilikaa lenyewe; Kisamli lina vitatu, kwa hivyo *sa* lazima ivutwe ijaze pengo: Kisaaamli. Kiganja kimlalie mgongoni, kimpige taratibu, na pigo la jina liwe refu, mkono ubaki pale kidogo kabla ya kuinuka. "Akianza kulegea, yatoe maneno, bakisha jina. Jina nalo baadaye liwe mvumo tu, mdomo umefungwa. Sauti itoke kwanza, mkono ndo wa mwisho. Usije ukauondoa mkono ukabaki unaimba kama redio."

Nikasema sawa. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimekwishaaibika vya kutosha, nikamwambia jambo moja lililokuwa likinisumbua. Kwamba kila nikifika *Bibi yupo ubavuni*, hata akiwa amesinzia, Kisamli anafumbua macho na kugeuza kichwa mlangoni.

Nikasikia jogoo wa Unguja, na mtu anasukuma kiti.

"Mimi niko wapi?" Bibi akauliza.

"Unguja."

"Basi mbona unamwambia nipo?"

"Si ndivyo wimbo unavyokwenda, Bibi!"

"Wimbo unakwenda na mtu anayeuimba, mjinga weye. Walokwenda wanatajwa walikokwenda, na mstari wa mwisho ni wa huyo mwenye mkono mgongoni. Mama yangu alijitia mwenyewe, na mimi nikajitia. Huyo mtoto anakusikiliza, anakwenda kunitafuta mlangoni. Atalala vipi na mtu kamwambia kuna mgeni?"

"Kwa hivyo nikutoe."

"Nitoe."

"Utarudi lini?"

"Nyonga ya mtu mzima haina tarehe. Niweke na walokwenda. Yallah, imba."

Nikajaribu. *Bibi kenda Unguja, Kisamli, atarudi na halua, Kisamli.*

"Halua! Halua si iko hapo hapo Maskati? Nisafiri baharini kwa halua? Sema ubuyu."

*Atarudi na ubuyu, Kisamli.*

"Ehe. Na hayo nayo ni mapya, atayashtukia. Yaseme hayo hayo mpaka yachakae. Usiongeze hata punje."

Jumatano ilikuwa mbaya. Alhamisi mchana Kisamli alilia, lakini tulipofika *ubavuni* hakutazama mlango. Alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake. Hakulala, lakini alinyamaza, kichwa kwenye bega langu, na mimi sikuthubutu hata kukuna pua.

Ijumaa shangazi alifika baada ya sala, yeye na kiti cha mtoto cha gari na mapakacha ya tende. Ni mtu mzuri. Nyumba yake Qurayyat ina watoto wa kila ukubwa na kelele za kila aina, na nilijua Kisamli atapendwa pale. Hilo ndilo lililoniuma. Tukala. Mizigo ya Kisamli ilikuwa imeshapangwa mlangoni, nepi juu. Saa yake ikafika, akaanza kulia.

"Nipe miye," shangazi akasema, mikono mbele.

"Nipe nijaribu kwanza," nikasema.

Mama na shangazi wakatazamana. Wote wawili wananijua. Mara ya mwisho nilipoomba kujaribu kitu tulibadilisha zulia.

Nikamweka begani pale pale sebuleni, mbele yao. Sikukimbia. Mstari juu, mstari chini. *Sa* nikaivuta. Baba kenda jangwani, Mama kenda kazini, na Mama mwenyewe kakaa kwenye kochi ananitazama. Kisamli akaguna. Tulipofika Bibi kenda Unguja shangazi akafuta kitu puani. Kisha: *Dada yupo ubavuni, Kisamli. Dada yupo, yupo, Kisamli.* Nikarudia mwanzo. Mara ya tatu au ya nne mwili wake ukawa mzito, uzito ule wa ghafla, kama gunia lililotiwa maji. Nikatoa maneno. Nikabakisha jina. Nikafunga mdomo. Mkono ukaendelea peke yake.

"Tumtie kwenye kiti?" shangazi akanong'ona.

"Thubutu," Mama akanong'ona. "Akiamka utaongea naye wewe."

Shangazi alisubiri, akanywa kahawa, akasubiri tena. Mwishowe akaondoka na kiti kitupu. Mama akazirudisha nepi chumbani mwenyewe, na kwa Mama hilo ni hotuba.

Jumapili Mama akarudi kazini, tukabaki wawili. Baada ya kula nikamchukua, nikafunga mapazia, nikaanza. Sikufika mbali. Alilala pale pale kwenye *atarudi jioni*. Hakungoja kusikia habari za Bibi, wala hakungoja kuambiwa kwamba mimi nipo.

Nikasimama katikati ya chumba. Kiyoyozi kinaguruma, nje hakuna hata gari linalopita. Nilikuwa nimepigania mwenzangu wa kukaa naye, nikampata, na amelala. Hakuna mtu mbaya kwa mazungumzo kama mtoto uliyemlaza vizuri.

Lakini Bibi husema wimbo haukatwi njiani. Nikamaliza kwa sauti ya chini: Bibi, Unguja, ubuyu. Kisha ule mstari wangu, mara mbili kama inavyotakiwa, nikakiimbia kiyoyozi na mapazia na kitabu cha hesabu kilicho wazi mezani. *Dada yupo, yupo.* Mkono nikauacha mgongoni mwake muda mrefu kuliko alivyouhitaji.