Gari la Bluu la Mkuu wa Idara

Uhakiki wa vyeti ulikuwa unafungwa saa sita mchana. Nilifika getini pa chuo saa nne, nimetoka Bweri alfajiri, bahasha ya vyeti nimeibana kifuani. Nikamuuliza mlinzi idara ya kilimo iko wapi.

"Vibao hakuna, dada," akasema. "We tafuta gari la bluu. Mkuu wa idara huwaga anapaki mlangoni kwake."

Nikazunguka chuo kizima. Majengo yote yalikuwa na rangi moja, na hakuna hata moja lililoandikwa jina. Niliona magari meupe, nikaona trekta, bluu hakuna. Kila niliyemuuliza alikuwa mgeni kama mimi, anatafuta idara yake. Saa tano na nusu nilikuwa nakimbia peku, viatu mkononi, nalia kwa hasira na kuwalaani waliojenga majengo mengi hivyo wakashindwa kununua kopo moja la rangi ya kuandikia.

Saa sita na dakika kumi nikarudi getini. Mlinzi alikuwa anafungua geti, gari la bluu likapita mbele yangu.

"Una bahati, dada," akaniambia, anatabasamu. "Idara yako ndiyo hiyo inaingia."