Chaki ya Baba

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Temeke, enzi za Mwingereza, kwenye baraza ya nyumba yetu ya udongo. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kufuta chaki. Akishakata na kushona kanzu, mie napitisha kitambaa chenye unyevu mpaka mistari yote ipotee. "Mteja anataka nguo," alikuwa akisema, "hataki kuona ulivyohangaika." Raha iliyoje, kukaa miguuni pake huku cherehani ikilia!

Nilikuwa darasa la nne. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa kwenda la tano, na wasichana waliovuka walikuwa wa kuhesabika. Shangazi zangu walishaanza kuuliza nasubiri nini shuleni. Baba aliwajibu kwamba mtoto wake ana kichwa cha hesabu, na maneno yakaisha hapo.

Basi ukaja mtihani wa muhula. Nikapata ishirini kwa hamsini.

Baba aliikagua karatasi, akaona majibu yote kumi yana alama ya sahihi. Kisha akasikia kwamba binti wa jirani, aliyekosea kwingi, amepata zaidi yangu. Aliacha suruali ya mtu nusu, akanishika mkono, tukaenda shule na jua lile la mchana. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa bara, mpole, kaptula yake imenyooshwa pasi kama ya karani. Nikamwamkia shikamoo. Baba hakungoja hata kukaribishwa.

"Mwalimu, mie sikusoma, lakini kuhesabu najua. Majibu yote sawa, halafu ishirini? Au kwa kuwa sie watu wa pwani?"

"Karibu kiti, fundi," mwalimu akasema. Akangoja mpaka baba akakaa, na alikaa kwa shingo upande. "Una haki ya kuuliza. Tutazame swali moja pamoja."

Akalisoma: jora la kitambaa lina yadi thelathini, kanzu moja inakula yadi tatu na nusu. Zitatoka kanzu ngapi, na kitabaki kitambaa kiasi gani?

"Nane," baba akajibu papo hapo. "Zinabaki yadi mbili."

"Ndivyo alivyoandika na mwanao. Swali hili lina alama tano. Moja ni ya kugeuza yadi kuwa nusu yadi: thelathini zinakuwa nusu sitini, tatu na nusu zinakuwa nusu saba. Moja ya kugawanya, sitini kwa saba. Moja ya kurudisha nusu nne zilizobaki ziwe yadi mbili. Halafu moja ya kanzu nane, na moja ya masalio. Mwanao kaandika majibu tu, njia hakuonyesha, kapata mbili. Maswali kumi, ishirini."

"Na yule wa jirani?"

"Yule kageuza, kagawanya, kapata kanzu nane. Masalio kasahau kuyarudisha, kaandika yadi nne. Kapata tatu. Kosa lake naliona lilipo, nitamwonyesha kesho. Kwa mwanao sioni kitu, fundi. Siku akikosea, nitamshika wapi? Na mtihani wa mwisho wa mwaka sisahihishi mimi. Atasahihisha mtu asiyemjua, kwa alama hizi hizi."

"Basi muongezee hizo za njia. Si unajua anajua?"

"Siwezi. Alama ni za kilichomo kwenye karatasi. Nikimpa huyu kwa kumjua, wale nisiowajua vizuri nitawapa nini?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Baba akanigeukia mie.

"Njia hukuandika kwa nini?"

"Niliandika kwa chaki kwenye kibao changu, baba. Nikafuta, nikanakili majibu tu kwenye karatasi." Machozi yalikuwa yananitoka. "Si ulisema tufute chaki, mteja hataki kuona tulivyohangaika?"

Baba akavitazama vidole vyake vyenye chaki.

"Nguo ya mteja tuifute, fundi," mwalimu akasema taratibu. "Ya mtihani tuiache na chaki yake."

Ishirini yangu ilibaki ishirini. Baba aliondoka baada ya kumpa mwalimu mkono, na njia nzima alikuwa amenishika bega.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho alinipa gauni jipya la shule. Nilipolivaa nikaona ndani, kwenye upindo, mistari yote ya chaki ipo, na tarakimu za vipimo vyangu kwa mwandiko wake wa kupinda. Hakufuta hata mmoja. Nikaenda nikaandika kila hatua, hata zile za kitoto, na la tano nikaingia.

Gauni lile nililifua mwenyewe mwaka mzima. Nikifika kwenye upindo nilikuwa napitisha maji tu, sisugui. Chaki ilikwisha hata hivyo, na baba naye alikwisha, Mungu amrehemu, lakini mpaka leo nikiandika hesabu ya sokoni sifuti njia.